Kitabu cha PDF, jedwali au barua tano: zawadi ipi inamvusha mfuasi kutoka Instagram?

Kocha wa fedha za kaya mwenye wafuasi 6,000 Instagram hana anwani ya hata mmoja wao. Akitaka kuwaambia kwamba darasa lake la wiki sita linaanza Jumatatu, anaweka posti, na Instagram ndiyo inayoamua nani aione na nani apitwe. Tarehe 4 Oktoba 2021 Facebook, Instagram na WhatsApp zilizimika dunia nzima kwa takriban saa sita. Mei 2025 watumiaji wa X nchini Tanzania waliamka na kukuta mtandao huo haufunguki. Siku zote hizo barua pepe iliendelea kufika, na kocha aliyekuwa na orodha yake aliendelea kuzungumza na watu wake.

Ndiyo maana makocha wanatafuta zawadi ya bure ya kumpa mfuasi ili naye aache anwani yake ya barua pepe. Kwa desturi zawadi hiyo ni kitabu cha PDF: kurasa thelathini, jalada zuri, kichwa kinachoahidi uhuru wa kifedha. Nimewasaidia makocha kadhaa kupanga orodha zao, na karibu wote walianza kwa kutaka kitabu. Kwa kocha anayezungumza Kiswahili na watu wanaosoma kwenye simu, naamini kitabu ndicho chaguo la gharama kubwa kuliko yote, hata pale anapokiandika mwenyewe bila kumlipa mtu.

Ili kuona kwa nini, tazama anwani zenyewe zinatoka wapi. Simu ya Android haikufungulii Play Store mpaka uwe na akaunti ya Google, kwa hiyo karibu kila mfuasi wa kwetu ana Gmail. Lakini akaunti nyingi zilifunguliwa dukani siku simu iliponunuliwa, na aliyezifungua ni muuza simu, au mtoto wa dada aliyekuwa na haraka. Mwenye simu anaikumbuka anwani kwa shida, nywila haijui, na boksi lake la barua lina matangazo ya miaka mitatu ambayo hajawahi kuyagusa. Mazungumzo yake yote yako WhatsApp. Mtu huyu akijaza fomu yako hujampata bado. Unampata siku atakapofungua boksi hilo kwa hiari yake mara ya pili, akikutafuta wewe.

Kwa hiyo gharama ya zawadi isipimwe kwa idadi ya waliojisajili. Chukua fedha na saa ulizotumia, uzigawe kwa idadi ya watu waliofungua au kujibu barua ya pili, ile inayofika baada ya zawadi. Hapo ndipo vitu vinavyoonekana vya bei sawa vinapoachana.

Tumfuate kocha wetu wa mfano. Yuko Dar es Salaam, anafundisha bajeti na kutoka kwenye madeni, na darasa lake la wiki sita anauza shilingi 180,000. Saa yake moja ya kazi tuiwekee bei ya shilingi 10,000, kwa sababu kocha asiyehesabu muda wake ataona kila kitu ni bure. Tarakimu nitakazotumia ni za kuonyesha hesabu tu. Weka zako.

Kitabu

Kuandika kurasa thelathini zenye maana kunamchukua saa 40, yaani 400,000. Mbunifu wa jalada na kurasa anamlipa 150,000. Jumla 550,000. Anatangaza kwa mwezi mzima, watu 200 wanajisajili, na kila mmoja anaonekana kumgharimu shilingi 2,750. Anafurahi.

Barua ya pili inatoka siku nne baadaye na watu 40 tu ndio wanaoifungua. Bei halisi imekuwa 13,750 kwa kila mtu. Kilichotokea kinafahamika kwa yeyote aliyewahi kugawa PDF: mtu alikifungua kitabu mara moja, akakihifadhi ili akisome baadaye, akakituma kwenye kundi la familia na kundi la kikoba, kisha akarudi kwenye shughuli zake. Kitabu kilizunguka WhatsApp wiki nzima kikasomwa na watu ambao kocha hatawajua kamwe. PDF ikishashuka kwenye simu haina haja tena ya barua pepe, wala aliyeipokea hana sababu ya kurudi kwenye boksi.

Dalili ya tatizo hili ni rahisi kuiona. Idadi ya waliojisajili inapanda, watu wanakushukuru kwenye maoni, lakini hakuna anayejibu barua zako na hakuna anayebonyeza kiungo chochote. Ikiwa kitabu umeshakiandika usikitupe. Weka kiungo cha kujisajili kwenye ukurasa wa pili na wa mwisho, pamoja na sentensi inayosema msomaji atapata nini zaidi ambacho hakimo humo. Hapo hata nakala inayozunguka kwenye makundi inaanza kukurudishia watu. Kitabu kifupi nacho ni bora kuliko kirefu: kwenye simu ya inchi sita, herufi za PDF ya ukubwa wa A4 hazisomeki bila kuvutavuta ukurasa, na msomaji anachoka kwenye ukurasa wa tatu.

Ukurasa mmoja

Ndugu mdogo wa kitabu ni ukurasa mmoja wa kukagulia jambo kabla ya kulifanya. Huu unaweza kuandikwa mchana mmoja, na ukilenga shida iliyo moto unavuta watu haraka kuliko kitu kingine chochote ninachokijua. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitoa orodha ya majukwaa ya mikopo ya kidijiti yanayofanya kazi bila leseni, na watu wakaanza kuulizana ni yapi salama. Kocha wa fedha aliyekuwa tayari na ukurasa wa maswali manane ya kuuliza kabla ya kukopa kwenye simu angepata wasajili wengi wiki ile. Jumla ya marejesho ni kiasi gani, si riba ya siku? Kampuni inaomba ruhusa ya kusoma majina kwenye simu yangu? Leseni yake nimeithibitisha wapi?

Saa nne, shilingi 40,000, Canva ya bure inatosha. Kasoro yake ni ile ile ya kitabu: unamaliza kazi yake kwa kusomwa mara moja. Tofauti ni kwamba hasara ni ndogo, kwa hiyo naupendekeza kama mlango wa kuingilia kitu kingine, si kama zawadi inayosimama peke yake.

Jedwali la bajeti

Zawadi inayosifiwa sana na makocha wa fedha ni jedwali la Google Sheets: unajaza kipato na matumizi, na lenyewe linakuonyesha unapovuja. Tofauti na kitabu, jedwali hutumika kila mwezi, na kila mwezi mtumiaji anakukumbuka. Kulitengeneza vizuri, pamoja na kulijaribu, tuseme ni saa 12, yaani 120,000.

Kuna ufundi mdogo hapa ambao usipoujua utalala na malalamiko. Ukituma kiungo cha kawaida cha jedwali lako, watu ama watalihariri la kwako, ama watakuandikia mamia ya maombi ya ruhusa. Kwanza ruhusu mwenye kiungo aone tu, kisha kwenye anwani futa neno `edit` na kila kinachofuata baada yake, uandike `copy`:

```
https://docs.google.com/spreadsheets/d/KITAMBULISHO-CHA-JEDWALI/copy
```

Anayebonyeza ataulizwa kama anataka nakala yake mwenyewe, na data zake hutaziona wewe. Hilo la mwisho ni muhimu mno kwa mtu anayeandika humo mshahara na madeni yake.

Kikwazo ni simu. Kujaza jedwali kwa dole gumba kunahitaji programu ya Sheets na subira, na seli zenyewe ni ndogo. Walengwa wako wakiwa walimu, wahasibu, watu wa ofisini na ndugu walioko Ulaya au Marekani wenye kompyuta, jedwali litakufaa kuliko zawadi zote. Wakiwa mama lishe, mafundi na wenye maduka, wengi watalifungua, watalitazama na kulifunga. Kabla ya kutumia saa 12, weka swali kwenye stori ya Instagram: unaandika matumizi yako wapi, daftarini, kwenye simu, au huandiki? Jibu litakuokolea fedha.

Jaribio na darasa la moja kwa moja

Jaribio la maswali saba linalomwambia mtu yeye ni aina gani ya mtumiaji wa fedha linavuta macho sana, na lina faida ambayo zawadi nyingine hazina: linakugawia watu kwa makundi tangu siku ya kwanza. Mwenye madeni anapata barua za madeni, asiyeweka akiba anapata za akiba. Tatizo ni kwamba zana nzuri za majaribio zinatozwa kwa dola kila mwezi, mtu ajisajili au asijisajili. Unaweza kutumia fomu ya bure ya Tally au Google Forms, lakini kupeleka majibu kwenye huduma ya barua pepe kwa njia hiyo kunataka mtu anayejua kuunganisha mitambo, au saa zako za kunakili anwani kwa mkono. Kwa orodha iliyo chini ya watu elfu moja, sioni hesabu yake ikikubali.

Darasa la bure la moja kwa moja ni jambo lingine. Zoom ya bure inakupa dakika 40 na watu 100, Google Meet ya bure inakupa dakika 60 na watu 100. Gharama kubwa hailipwi na wewe, inalipwa na mhudhuriaji kwa bando lake, na ndiyo sababu wengi wanaojiandikisha hawatokei. Wanaotokea wakakaa hadi mwisho ndio wanaonunua. Kwa hiyo darasa la bure ni chombo cha kuuzia kuliko cha kukusanyia orodha. Lifanye mara mbili au tatu kwa mwaka, wiki moja kabla ya kufungua usajili wa darasa la kulipia, kwa watu ambao tayari wako kwenye orodha.

Barua tano

Chaguo ninaloliona bora kwa kocha wetu ni somo la siku tano linalotumwa kwa barua pepe. Sababu ni moja tu, lakini ni nzito: ni zawadi pekee ambayo huwezi kuipokea bila kufungua boksi lako. Siku ya kwanza mtu anafungua kwa udadisi, ya pili kwa kuwa alifanya kazi ya jana, na ya tano ameshazoea jina lako. Lile boksi lililofunguliwa na muuza simu limekuwa mahali pa kurudi.

Kila barua inahitaji maneno 250 hadi 350, yaani yasizidi kinachosomwa kwenye daladala kati ya vituo viwili vya foleni, na iwe na kazi moja ya kufanya. Kwa mada ya mshahara usiofika mwisho wa mwezi, ningezipanga hivi.

Barua ya kwanza kichwa chake kiwe swali: "Mwezi uliopita fedha iliisha tarehe ngapi?" Ndani yake hakuna mafundisho mengi. Msomaji anaombwa akumbuke siku ambayo alianza kukopa au kuhesabu sarafu, kisha ajibu barua hiyo kwa namba moja tu: 14, 19, 22. Jibu hilo linafanya kazi mbili. Linamwingiza msomaji kwenye somo, na linaiambia Gmail kwamba wewe ni mtu anayeandikiana naye, jambo linalosaidia barua zako zinazofuata zisipelekwe kwenye kichupo cha matangazo au kwenye Spam.

Barua ya pili inamtuma kwenye historia ya miamala ya simu yake. Ajumlishe makato tu ya mwezi mmoja, ya kutuma na ya kutoa, aandike jumla kwenye karatasi. Wengi hawajawahi kuiona tarakimu hiyo ikiwa peke yake. Ya tatu inazungumzia michango: harusi, kipaimara, misiba, kikoba, ada ya mtoto wa kaka. Hapa kocha anayewajua watu wake anang'aa, kwa sababu ushauri wa vitabu vya nje unasema kata, naye anajua mchango wa msiba haukatwi. Anachofundisha ni kuutengea fungu kila mwezi, na kuwa na sentensi ya heshima ya kuahidi kidogo mapema badala ya kikubwa kisichopatikana.

Ya nne ni madeni, kuanzia ya dukani hadi yale ya kausha damu, na kazi yake ni kuyaandika yote kwa mpangilio wa linalokua haraka zaidi. Ya tano inakusanya tarakimu nne alizozipata wiki hiyo, inamwonyesha kwa mfano mmoja jinsi ya kupanga mwezi ujao, na kwa aya moja inamwalika kwenye darasa la wiki sita: bei, tarehe ya kuanza na mahali pa kubonyeza.

Kuandika hizi tano ni saa 15, yaani 150,000. Hakuna mbunifu. Watakaojisajili watakuwa wachache kuliko wa kitabu, kwa kuwa "barua tano" haipendezi machoni kama jalada. Tuseme ni 90 badala ya 200, na 50 kati yao wanaifungua barua ya pili. Gawanya: 3,000 kwa mtu, dhidi ya 13,750 ya kitabu. Hata kama makisio yangu ya barua ni ya matumaini na waliofungua ni 25 tu, bado ni 6,000.

Tahadhari moja kuhusu kuhesabu waliofungua. Tangu Septemba 2021 programu ya barua ya Apple inaweza kufungua picha za barua kimyakimya kabla ya mwenye simu hajaiona, na huduma yako itamhesabu kana kwamba amesoma. Ukiwa na wasomaji wengi wa Uingereza, Oman au Marekani wanaotumia iPhone, tarakimu hiyo itakudanganya. Majibu na mibonyezo ya viungo ni vya kuaminika zaidi, na hii ni sababu nyingine ya kuomba jibu kwenye barua ya kwanza.

Mitambo na malipo yake

Huduma ya kutuma barua ndiyo gharama inayojirudia, na bei zake hubadilika bila kukupigia hodi. Mwaka 2023 Mailchimp ilipunguza mpango wake wa bure kutoka watu 2,000 hadi 500. Mwaka 2024 Kit, ambayo zamani iliitwa ConvertKit, ilifanya kinyume chake: ikapandisha mpango wa bure hadi watu 10,000, lakini ukiwa na mfululizo mmoja tu wa barua zinazojituma. Kwa kocha wetu mfululizo mmoja ndio anaouhitaji: barua tano, basi. Fungua ukurasa wa bei siku unayoamua, na usome mambo mawili: idadi ya watu, na kama mpango wa bure unaruhusu barua kujituma zenyewe. Mpango wa watu wengi usio na barua za kujituma hautakufaa, maana itabidi umtumie kila mgeni barua zake tano kwa mkono.

Kitu kimoja usichopaswa kukibania fedha ni jina la tovuti. Tangu Februari 2024 Gmail na Yahoo wanawadai watumaji kuthibitisha kwamba barua imetoka kwa mwenye anwani, na barua ya jumla iliyotumwa kupitia huduma ya nje kwa anwani ya mtumaji inayoishia gmail.com haiwezi kuthibitishwa ipasavyo. Itaishia kwenye Spam, au huduma itabadilisha anwani yako bila wewe kujua. Jina la .com ni takriban dola 10 hadi 15 kwa mwaka, na linaondoa tatizo hili. Huduma yako itakupa mistari ya SPF na DKIM ya kubandika kwenye mipangilio ya jina hilo. Wa tatu unaweza kuuongeza mwenyewe:

```
_dmarc   TXT   v=DMARC1; p=none
```

Ukimaliza, jitumie barua kutoka kwenye huduma hiyo, ifungue kwenye Gmail yako kwa kompyuta, bonyeza nukta tatu, chagua Show original. SPF, DKIM na DMARC zote zikionyesha PASS, umemaliza. Moja ikionyesha FAIL usitangaze zawadi yako bado, kwa sababu wasajili wa mwanzo ndio watakaopotea.

Barua za jumla pia zinatakiwa kuwa na anwani ya posta chini yake, na huduma nyingi hazitakuruhusu kutuma bila hiyo. Usiweke namba ya nyumba yako. Sanduku la Posta linatosha, na ada yake ya mwaka uiingize kwenye hesabu. Halafu kuna sheria ya nyumbani: Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na wanaokusanya taarifa za watu wanatakiwa kujisajili kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Kenya ina sheria yake ya mwaka 2019. Kwenye fomu andika wazi kwa sentensi moja: utapata barua tano siku tano, kisha moja kila wiki, na unaweza kujitoa wakati wowote. Omba jina la kwanza na barua pepe, basi. Kila kisanduku unachoongeza kwenye fomu kinakupunguzia watu, na namba ya simu ndiyo inayowatisha kuliko zote.

Wapo watakaouliza kwa nini tusiwapeleke wafuasi WhatsApp, ambako tayari wako. Nalielewa swali. Lakini ujumbe wa matangazo kwa orodha kwenye WhatsApp ya kawaida unafika kwa watu 256 kwa orodha moja, na tena unamfikia yule tu aliyehifadhi namba yako. Kundi linaweka namba za wote hadharani, na kwenye mada ya madeni hilo ni kosa kubwa: mtu hataki shemeji yake ajue yuko humo. Isitoshe WhatsApp ni ya kampuni ile ile inayomiliki Instagram, kwa hiyo siku zikizimika pamoja umerudi pale pale. WhatsApp iache kwa waliokwisha kulipia darasa.

Kumtoa Instagram

Kiungo kwenye maelezo ya posti ya Instagram hakibonyezeki, na bado naona makocha wakikiandika huko. Kiweke kwenye wasifu, ambako unaruhusiwa hadi vitano, ingawa nakushauri uweke kimoja. Pili, kiweke kwenye stori kwa stika ya kiungo. Njia ya tatu ni ya mkono na ndiyo inayofanya kazi zaidi kwa akaunti ndogo: posti inasema "andika TAREHE nikutumie somo", na kila anayeandika unamtumia kiungo inboksi. Akaunti ya kitaalamu ya Instagram ina majibu yaliyohifadhiwa, kwa hiyo huandiki upya kila mara. Kwa maoni 30 kwa siku ni nusu saa ya kazi. Yakizidi 100 ndipo uanze kufikiria kulipia mtambo wa kujibu.

Posti yenyewe isitangaze "somo la bure la barua pepe". Itoe kipande cha somo. Kocha wetu anapiga picha karatasi aliyoandikia jumla ya makato yake ya mwezi, kwa kalamu, na kuuliza ya kwako ni ngapi. Anayetaka kujua namna ya kuihesabu anaandika TAREHE.

Baada ya fomu, ukurasa wa kushukuru ndio unaobeba kazi nzito kwa watu wetu wa boksi lililosahaulika. Usiweke zawadi hapo. Andika: "Funga Instagram, fungua programu ya Gmail yenye herufi M ya rangi nyingi. Barua yangu iko hapo. Usipoiona tazama Promotions, kisha Spam." Ongeza picha ya skrini inayoonyesha jina la mtumaji. Ukitaka uthibitisho wa hatua mbili, ambapo mtu lazima abonyeze kiungo kwanza ndipo aingie kwenye orodha, utapoteza baadhi yao, lakini utajikinga na anwani zilizoandikwa gmail.con na gamil.com. Nauchagua huo uthibitisho, kwa sababu anwani mbovu zikirundikana zinaharibu sifa ya jina lako kwa watoa huduma, na hata barua za wale wazima zinaanza kukwama. Malalamiko ya Spam nayo yana kikomo: Gmail inataka yasifike asilimia 0.3, yaani matatu kwa kila barua elfu moja zilizofika.

Kila baada ya miezi mitatu wachambue wasiofungua wala kubonyeza chochote. Watumie barua moja yenye kichwa "Nikuondoe?" na kiungo cha kubaki. Asiyebonyeza ndani ya wiki moja mfute. Kocha mwenye anwani 400 baada ya usafi huo anaweza kubaki na 230, akaendelea kutumia mpango wa bure, na akijaza viti vinne tu vya darasa lake kutoka kwao anaingiza shilingi 720,000.